Fimbo ya Kwanza ya Mazoezi: Urefu, Mti na Nyuzi Zake

Anayeanza kujifunza silaha katika karate au kung-fu huuliza kwanza mti upi ni mgumu kuliko yote. Bagara, kata ya mji wa Babati iliyo karibu na Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, swali hilo hupata majibu mengi kwa sababu kila mtu anaujua mti wake. Mfugaji atakutajia mkole, seremala atakuambia mninga, na mjenzi atakuonyesha mirunda ya mkaratusi. Kila mmoja ana haki yake kwa kazi anayoifanya. Fimbo ya mazoezi ina kazi nyingine. Inazungushwa mara mamia kwa jioni moja, inashikwa katikati na miishoni, na ncha zake zote mbili hutumika kupiga. Kwa kazi hiyo jina la mti ni jambo la mwisho kuamuliwa. Kwanza huja mtindo unaojifunza, kisha mwili wako, kisha mwendo wa nyuzi ndani ya ule ubao au ule mti mmoja ulioushika mkononi. Ukiupindua mpangilio huu utapata fimbo ya mti wenye sifa kubwa ambayo inakuumiza bega au inakatika mbele ya uso wa mwenzako.

Urefu unatoka wapi

Fimbo ndefu inayojulikana zaidi kwa wanakarate ni bo ya Okinawa. Kipimo chake cha desturi ni shaku 6 za Kijapani. Shaku moja ni sentimita 30.3, kwa hiyo bo kamili ina takriban sentimita 182. Jo ya Japani ni fupi, sentimita 128 hivi, na unene wake ni milimita 24. Katika mitindo mingi ya Kichina fimbo hupimwa kwa mwili wa mtumiaji: huisimamisha mbele yake na kuikata inapofika kwenye nyusi. Kwetu pwani, kirumbizi huchezwa kwa fimbo au bakora fupi kuliko hizo, kwa sababu wachezaji hukaribiana na kila mmoja anahitaji kuigeuza haraka.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la mwalimu wako. Karate nyingi ya Tanzania ina mizizi katika Goju-ryu, ambayo Nantambu Camara Bomani aliifundisha Zanaki, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970. Goju-ryu yenyewe ni mtindo wa mikono mitupu na haina kata za silaha. Klabu inayofundisha bo huwa imeongeza masomo ya kobudo ya Okinawa, na masomo hayo yanatofautiana kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine. Muulize kabla hujagusa msumeno, kwa sababu kata iliyotungwa kwa fimbo ya sentimita 182 haichezeki sawasawa kwa fimbo ya sentimita 150. Mikono inapoteza nafasi zake, na ncha ya nyuma haifiki pale inapotakiwa kukingwa chini ya kwapa.

Mwalimu akisema bo, bado mwili una neno lake. Sentimita 182 ni kipimo cha mtu mzima, na wanaoanza wengi ni watoto wa shule au watu wafupi. Njia ya kuamua ambayo haimpotezi mtu ni ya kitovu. Katika mizunguko mingi ya wima ubavuni, katikati ya fimbo hupita karibu na usawa wa kitovu. Nusu ya fimbo ikizidi urefu wa kitovu kutoka ardhini, ncha ya chini itagonga ardhi kwa kila mzunguko. Simama bila viatu, pima kutoka sakafuni hadi kitovuni, toa sentimita 5 za usalama, kisha zidisha kwa 2. Hicho ndicho kikomo cha juu cha urefu wako.

Kwa watu wengi kitovu kipo kwenye asilimia 60 hivi ya kimo. Mtu wa sentimita 165 atapata kitovu kwenye 99. Akitoa 5 na kuzidisha mara mbili anapata 188, kwa hiyo bo kamili ya 182 inamfaa. Mtoto wa sentimita 140 ana kitovu kwenye 84 hivi, na kikomo chake ni 158. Ukimpa huyo bo ya mtu mzima atajifunza kuinua mabega ili ncha isiguse ardhi, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa baadaye.

Kuna sababu ya pili ya kutozidisha urefu, nayo watu huikadiria chini sana. Mzigo unaousikia mikononi unapoigeuza fimbo hautokani na uzito peke yake, bali na umbali wa uzito huo kutoka katikati. Kwa mti uleule na unene uleule, mzigo wa kuizungusha hukua kwa urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukikata bo ya 182 ikawa 172, umepunguza urefu kwa asilimia 5 na nusu tu, lakini mzigo wa kuizungusha umepungua kwa karibu asilimia 16. Ndiyo maana anayelalamika kwamba fimbo yake ni nzito mara nyingi hahitaji mti mwingine. Anahitaji kukata sentimita 5 kila upande.

Nyuzi kwanza, jina la mti baadaye

Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu zinazopanda kutoka mizizini kwenda juu. Fimbo huwa na nguvu pale nyuzi hizo zinapokwenda sambamba nayo kutoka ncha hadi ncha. Zikikatiza kwa mshazari na kutokea ubavuni, kila mahali zinapotokea ni mlango wa ufa. Vipimo vya maabara vya mbao vinaonyesha ukubwa wa hasara. Nyuzi zikihama sentimita 1 kwa kila sentimita 20 za urefu, uwezo wa kuhimili pigo la ghafla hupungua kwa asilimia 10 hivi. Zikihama sentimita 1 kwa kila 10, hupungua kwa zaidi ya theluthi. Zikihama sentimita 1 kwa kila 5, kinachobaki ni karibu theluthi tu. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuufuta ubora wote wa mti ghali. Mbao ya kawaida yenye nyuzi zilizonyooka itaishi kuliko mninga uliokatwa mshazari.

Macho peke yake hudanganywa na mistari ya rangi, ambayo si lazima ifuate nyuzi. Mwombe seremala kipande kilichobaki cha ubao uleule, kama sentimita 20, ukipasue kwa shoka au patasi. Mpasuko hufuata nyuzi na hausemi uongo. Ukishuka sambamba na ukingo wa kipande, ubao unafaa. Ukitoka upande mmoja, pima umetoka kiasi gani. Ukitoka kwa zaidi ya sentimita 1 katika hizo 20, tafuta ubao mwingine. Kama hakuna kipande cha kupasua, weka tone la wino kwenye uso uliopigwa randa. Wino utajivuta kufuata nyuzi, nawe utauona mwelekeo.

Kisha tazama mafundo, yaani mahali tawi lilipoota. Nyuzi huzunguka fundo, kwa hiyo hata fundo dogo huacha mpindo kila upande. Fundo la ukubwa wa kucha ya kidole kidogo lililo karibu na ncha linavumilika. Fundo lililo katika theluthi ya kati linatosha kuukataa ubao, kwa sababu hapo ndipo fimbo hujikunja zaidi inapogongwa.

Miti ya Babati, mmoja mmoja

Mpingo huvutia kwa jina. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na bo nzima ya mpingo yenye unene wa milimita 28 ingezidi kilo 1.3. Kwa anayeanza uzito huo ni wa kuumiza viwiko. Pia mpingo hukua kwa kupindapinda, na kipande kilichonyooka cha mita 1.8 ni adimu na ghali.

Mninga ni mti mzuri wa samani na uzito wake ni wa wastani, kama gramu 0.64 kwa sentimita moja ya ujazo. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi nyuzi zake zimesukana, tabaka moja likilalia kulia na linalofuata kushoto. Katika kiti au mlango hilo halidhuru. Katika kijiti chembamba chenye kugongwa, vipande huchomoka ubavuni. Ukiupata wenye nyuzi zilizonyooka, ambao upo, uchukue. Kumbuka pia kwamba mninga na mpingo ni miti ya asili inayolindwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo nunua mbao yenye stakabadhi halali au mabaki ya fundi, wala usiende kukata mwenyewe.

Mkaratusi ndio mti unaostahili kuangaliwa kwanza na mtu wa Bagara, kwa sababu hupandwa na watu na si wa kuwindwa porini. Aina zake zinatofautiana, lakini ulio mkavu na mgumu huwa na uzito wa karibu gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo na huhimili pigo vizuri. Kasoro yake iko kwenye ukaukaji. Mti huu hukua ukiwa na mvutano ndani yake, na unapokatwa mvutano huo huachiliwa, miisho ikapasuka na ubao ukapinda. Baadhi ya mikaratusi nyuzi zake huzunguka shina. Basi usiununue mbichi ukaufanyia kazi siku hiyohiyo.

Mgrevilea, unaopandwa mipakani mwa mashamba, ni mwepesi kuliko mkaratusi na unachongeka kwa urahisi. Paini ni nyepesi zaidi. Yote miwili inafaa kwa kata za peke yako na kwa watoto, ila haifai kugonganishwa, kwa sababu hubonyea haraka na mbonyeo hukata nyuzi za juu. Mwanzi ni mwepesi na una tabia yake: ukipasuka hutoa kingo zenye makali kama kisu, kwa hiyo usiuingize katika mazoezi ya watu wawili.

Unabaki mkole, mti wa wafugaji. Wabarbaig na Wamasai wanaopita Babati na mifugo hawachukui ubao. Hutafuta chipukizi lililonyooka, na hapo kuna hekima ya kweli. Nyuzi za chipukizi hazijakatwa na msumeno wowote, zinafuata mti kutoka chini hadi juu, na ndiyo maana fimbo nyembamba ya mchungaji huvumilia miaka. Lakini chipukizi huwa nene chini na jembamba juu. Kwa kuswaga ng'ombe huo ni ubora. Kwa bo ni kasoro, kwa sababu katikati ya urefu si katikati ya uzito, na kila mzunguko utavutwa upande mmoja. Anayetaka njia hii atafute chipukizi lenye unene wa kama milimita 40 upande mwembamba, ili apate nafasi ya kuchonga upande mnene mpaka lilingane. Apake rangi au nta kwenye miisho mara tu linapokatwa, aliache na gamba lake ili lisikauke kwa pupa, na alifunge kwenye ubao ulionyooka.

Mahali pa kulikata nako kuna utaratibu. Misitu ya hifadhi si shamba la mtu. Katika Wilaya ya Babati, misitu ya Duru-Haitemba ni mfano unaotajwa sana katika usimamizi wa misitu kwa kuwa katikati ya miaka ya 1990 ilikabidhiwa vijiji vilivyoizunguka, navyo vikaweka walinzi na sheria ndogo za nani akate nini. Uliza serikali ya kijiji au mwenye shamba kabla ya kuchukua panga.

Mfano kamili: mwanafunzi wa sentimita 152

Tumchukue mwanafunzi mwenye kimo cha sentimita 152, anayeanza bo, na mwalimu wake anakubali urefu wa kulingana na mwili. Kitovu chake kipo sentimita 91 kutoka sakafuni. Anatoa 5 anabaki na 86, mara mbili ni 172. Huo ndio urefu wake.

Sasa uzito. Kwa kijana wa kimo hicho, fimbo ya karibu gramu 700 inatosha kufundisha mwili bila kuuvunja. Fimbo ya sentimita 172 yenye kipenyo cha milimita 28 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,059. Ikiwa ni mninga itakuwa na gramu 680 hivi, na ikiwa ni mkaratusi mkavu karibu gramu 850. Huu wa pili ni mzito kidogo, na dawa yake ni unene. Kipenyo kikishuka hadi milimita 26, mkaratusi uleule unafika gramu 730, na kwa kiganja kidogo mshiko unakuwa mzuri zaidi. Hata hivyo, kupunguza unene kuna gharama, kwa kuwa kutoka 28 hadi 26 ukakamavu wa fimbo hupungua kwa robo. Mkaratusi unaimudu hasara hiyo. Paini haiimudu, nayo iachwe kwenye 28 au zaidi. Kama huna kifaa cha kupimia kipenyo, zungusha uzi na uupime kwa futi kamba: kipenyo cha 26 kina mzunguko wa milimita 82, na cha 28 kina 88.

Mbao za ujenzi huuzwa kwa futi, na ubao wa futi 12 una sentimita 366. Ubao wa mbili kwa mbili wa urefu huo unatoa vipande viwili vya sentimita 180, kimoja cha kazi na kingine cha akiba. Mwanafunzi wetu anachagua ule ambao mpasuko wake ni mnyoofu na usio na kiini cha mti ndani. Kiini ni ile duara ndogo ya katikati ya shina, na ubao wenye kiini karibu kila mara hupasuka kutoka hapo.

Ubao ukiwa bado na unyevu anaulaza kivulini ndani ya nyumba, juu ya vipande vitatu vya mti vilivyo usawa mmoja, hewa ipite chini. Asiuegemeze ukutani, maana utakauka ukiwa umepinda. Kila wiki anaupima kwenye mizani ya dukani na kuandika. Uzito utashuka wiki baada ya wiki, na utakapoacha kushuka ubao uko tayari. Kiangazi cha Babati, kuanzia Juni hadi Oktoba, kinaisaidia kazi hii. Ubao uliokatwa masika huhitaji subira zaidi.

Kuchonga hufanywa kwa randa, si kwa panga. Seremala anaupeleka ubao kwanza kwenye mraba wa milimita 28 na kuhakikisha umenyooka. Kisha kwenye kila uso anapiga mistari miwili, kila mmoja milimita 8 kutoka ukingoni, na kupiga randa kingo mpaka mistari. Sasa ana pande 8 zilizokaribiana kwa upana. Anaondoa kingo hizo tena zinakuwa 16, na hapo msasa unamaliza kuiviringisha mpaka 26. Akiruka hatua ya pande 8, fimbo itakuwa na mawimbi ambayo mikono itayasikia kila inapoteleza. Urefu kamili wa 172 hukatwa mwisho. Kisha anaiweka fimbo juu ya kidole, anatafuta mahali inapotulia, na anasugua upande mzito kwa msasa mpaka itulie sentimita 86 kutoka kila ncha. Kwa njia hiyo katikati ya uzito na katikati ya urefu vinakuwa mahali pamoja.

Vanishi haifai, kwa kuwa jasho huifanya inate na mikono hukwama. Mafuta ya kitani yanayopakwa kidogo kidogo na kufutwa vizuri huacha mti ukiteleza kwa kiasi. Vitambaa vilivyofutia mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Fimbo iliyokamilika ijaribiwe kabla haijapita karibu na kichwa cha mtu. Iweke juu ya viti viwili vya kimo kimoja vilivyoachana sentimita 160, kisha tundika katikati uzito wa lita 10 za maji, chini chini karibu na ardhi. Fimbo tunayoizungumzia itapinda kwa sentimita 3 hivi. Ikipinda zaidi ya 5, mti ni laini mno au bado una maji. Ondoa maji uitazame kwa kuilaza kwenye sakafu iliyo sawa: lazima irudi ilivyokuwa. Iliyobaki na kigongo haijakauka, au nyuzi zake zimeshapondeka ndani. Ukisikia mlio wa kukatika, hata mdogo, tafuta ufa kwa kidole na taa. Usiupake gundi ukaendelea.

Baada ya hapo kila zoezi la watu wawili litangulizwe na ukaguzi mfupi. Pitisha kitambaa kikavu kutoka ncha hadi ncha; kitakwama penye kibanzi kilichoinuka. Kibanzi cha juujuu husuguliwa kwa msasa. Mstari wa ufa unaofuata urefu wa fimbo unaiondoa kwenye mazoezi ya kugonganisha, ingawa bado inaweza kutumika kwa kata za peke yako wakati ufa ukichunguzwa kila siku. Ufa unaokatiza unene, au mbonyeo uliokata nyuzi katika theluthi ya kati, unamaliza kazi ya bo hiyo kabisa.

Ila ufa ukiwa karibu na ncha, pima sehemu nzima iliyobaki. Ikifika sentimita 128 bila kasoro, ikate kwa kipimo hicho, ipunguze unene hadi milimita 24, na una jo ya mkaratusi uliokauka na kupimwa tayari. Mwanafunzi atakayeichukua hatahitaji kusubiri kiangazi kingine.